Jengo juu ya Nguzo Mlimani: Kwa Nini Nguzo Fupi Ndizo Hukatika Kwanza

Kamati ya ujenzi ya parokia inapokutana na mhandisi kwa mara ya kwanza, maswali huwa ni yale yale: itahitajika mifuko mingapi ya saruji, nondo za unene gani, na tutaezeka lini. Ni maswali ya haki, kwa sababu fedha ni za waamini na wafadhili na lazima zitolewe hesabu. Lakini kuna swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ni hili: jengo letu likisukumwa pembeni kisha likaachiwa, litachukua muda gani kwenda na kurudi?

Swali hilo linaweza kuonekana la ajabu, kwa maana tumezoea kusema kwamba jengo imara halitikisiki. Ukweli ni kwamba kila jengo huyumba, hata lile la mawe, na kila moja lina mwendo wake. Makala hii inaeleza jinsi mwendo huo unavyopatikana kwa hesabu ndogo, na kwa nini hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwa wanaojenga kwenye miteremko kama ile ya Mkuyuni, kwenye barabara inayotoka Morogoro kupitia Bigwa na Kiroka kuelekea Matombo.

Tuanze na tukio moja. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo, katika mji wa Kalemie, nyumba zilianguka na watu wakafa. Mbali sana na hapo, jijini Nairobi, watu waliokuwa ghorofani waliona majengo yao yakiyumba taratibu, wakashuka mbio kwenda barabarani. Walioathirika Kalemie walikuwa katika nyumba fupi, na walioshtuka Nairobi walikuwa katika majengo marefu. Ardhi inapotikisika hutoa mitikisiko ya kila namna kwa pamoja, ya haraka na ya polepole. Ile ya haraka hufifia upesi inapopita ardhini, na ile ya polepole husafiri mbali. Nyumba fupi huyumba haraka, ndiyo maana husumbuliwa zaidi na tetemeko lililo karibu. Jengo refu huyumba polepole, kwa hiyo linaweza kuitikia tetemeko ambalo mtu aliyesimama chini halisikii kabisa.

Muda ambao jengo linatumia kwenda upande mmoja, kurudi upande wa pili na kufika tena lilipoanzia, wahandisi huuita kipindi. Idadi ya safari hizo kwa sekunde moja ndiyo marudio yake ya asili. Jengo lenye kipindi cha nusu sekunde lina marudio mawili kwa sekunde. Tunasema ya asili kwa sababu hayategemei umelisukuma kwa nguvu kiasi gani. Yanategemea vitu viwili tu, yaani uzito ulio juu na ukakamavu wa kile kinachoushikilia.

Ili kupata kipindi, mhandisi huanza kwa kulirahisisha jengo mno. Husahau milango, madirisha, rangi na ngazi. Uzito wote wa juu huufanya kuwa donge moja, na nguzo zote huzifanya kuwa springi zinazolirudisha donge mahali pake kila linapotaka kwenda pembeni. Fundi akiliona jengo lake limechorwa hivyo anaweza kucheka, kwani ni kama mtoto aliyechora tofali juu ya vijiti. Hata hivyo, kwa jengo fupi lenye sakafu moja nzito iliyoinuliwa juu ya nguzo, picha hiyo haiko mbali na ukweli.

Tuchukue mfano wa ukumbi wa kufikirika. Chini ni wazi, watu wanakutana kivulini. Juu kuna sakafu ya zege ya mita 10 kwa mita 6, na juu yake vyumba vya ofisi vya tofali na paa la bati. Ukijumlisha sakafu, boriti, kuta, paa na vitu vitakavyowekwa ndani, uzito unafika kama tani 60. Vyote vimesimama juu ya nguzo nane za zege, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 25 kwa 25 na urefu wa mita 3. Kwa sasa tuseme kiwanja ni tambarare.

Sasa fikiria umelibeba jengo zima na kuligeuza likachomoza mlalo kutoka kwenye ukuta wa mwamba, kama tawi la mkuyu. Uzito wake wenyewe wa tani 60 sasa unazivuta nguzo zote kwa ubavu. Zitapinda kiasi gani? Kwa zege la kawaida, ambalo limeshapata nyufa ndogo ndogo kama linavyopata kazini, jibu ni kama sentimita 4. Namba hii moja inatosha. Kanuni ya vitabuni ni

T = 2π√(m/k)

ambapo T ni kipindi, m ni tungamo la juu na k ni ukakamavu wa nguzo zote kwa pamoja. Lakini ukiifanyia kazi kidogo inageuka kuwa kanuni ambayo mtu anaweza kuitembeza mfukoni:

T = 0.2 × √d

ambapo d ni zile sentimita ambazo jengo lingepinda kama lingevutwa ubavuni na uzito wake lenyewe. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na 2 mara 0.2 ni 0.4. Kipindi cha ukumbi wetu ni sekunde 0.4, yaani unakwenda na kurudi mara mbili na nusu kwa sekunde.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoongoza timazi ya mwashi. Ukifunga timazi kwenye uzi wa sentimita 4 na kuibembeza, itakwenda na ukumbi wetu sawasawa. Ukirefusha uzi hadi mita moja, itatumia sekunde 2. Jaribuni siku moja kiwanjani wakati mafundi wanapumzika.

Kipindi kinatuambia nini kuhusu hatari? Hapo ndipo bembea ya watoto inaposaidia. Ukimsukuma mtoto kila anapokaribia kurudi, hata kwa kidole, bembea inapanda juu zaidi kila mara. Ukisukuma ovyo, mara nyingine unaizuia badala ya kuiongeza. Ardhi nayo husukuma. Ikisukuma kwa mwendo unaoshabihiana na kipindi cha jengo, kila msukumo unaongeza juu ya uliotangulia. Kama jengo lisingekuwa na namna ya kumeza nguvu hiyo, lingezidi kuyumba hadi livunjike. Bahati nzuri hulimeza sehemu yake katika nyufa ndogo za zege, katika kuta zinazosuguana na katika udongo ulio chini ya msingi. Kwa jengo la zege la kawaida, umezaji huo unatosha kuzuia mtikisiko wa juu usizidi mara kumi ya ule wa ardhini, na hiyo ni pale ambapo ardhi ingesukuma kwa mwendo ule ule bila kukoma. Tetemeko halisi ni fupi tena la vurugu, kwa hiyo kanuni nyingi za ujenzi duniani huchukua mara mbili na nusu.

Tuseme basi kwamba ardhi inatikisika kwa nguvu ya sehemu moja ya kumi ya mvutano wa dunia. Ukumbi wetu, kwa kuwa kipindi chake kimeangukia pabaya, utaipata mara mbili na nusu ya hiyo, yaani robo ya mvutano. Robo ya tani 60 ni tani 15. Ndiyo kusema nguzo zetu nane, ambazo kila siku hubeba mzigo kwa kusimama wima, kwa sekunde kadhaa zitasukumwa ubavuni kwa uzito wa tani 15, huku na huku, mara mbili na nusu kwa sekunde. Kila nguzo itapata chini kidogo ya tani 2. Sakafu ya juu itasogea robo ya zile sentimita 4, yaani sentimita moja. Nguzo iliyowekewa nondo vizuri inaweza kuvumilia hayo. Itapata nyufa za mlalo karibu na kichwa chake na karibu na mguu, na watu watatoka salama.

Mpaka hapa tumejenga kwenye tambarare. Lakini anayeijua Mkuyuni anajua kwamba tambarare ni chache. Milima ya Uluguru inapanda ghafla, nyumba nyingi zimekaa ubavuni, na kiwanja kinachotolewa kwa ajili ya ukumbi au zahanati mara nyingi ni kile kisichofaa kwa shamba. Fundi hutatua tatizo hilo kwa akili ya kawaida: sakafu lazima iwe sawa, basi nguzo za upande wa bonde zinakuwa ndefu, na zile za upande wa mlima zinakuwa fupi. Wengi wetu tungeamini kwamba zile ndefu ndizo za kutiliwa shaka, kwa kuwa zinaonekana dhaifu, na kwamba zile fupi na nene ziko salama. Hesabu inasema kinyume chake.

Chukua ukumbi ule ule, tani 60, nguzo nane za unene ule ule. Nne za mbele upande wa bonde zina urefu wa mita 3. Nne za nyuma zina mita moja na nusu. Ukakamavu wa nguzo hubadilika kinyume na urefu wake, na urefu huo huzidishwa wenyewe mara tatu. Ukipunguza urefu kwa nusu, ukakamavu hauongezeki mara mbili; unaongezeka mara nane. Kwa hiyo tukiupa ukakamavu wa nguzo moja ndefu namba 1, kila nguzo fupi ina 8. Za mbele kwa pamoja zina 4, za nyuma zina 32, na jumla ni 36.

Sasa sakafu ya zege ya juu inaziunganisha nguzo zote kama mikono iliyoshikana. Ikisogea sentimita kuelekea bondeni, inazilazimisha zote kusogea sentimita ile ile. Nguzo ndefu inainama kidogo bila shida. Nguzo fupi inakataa, na kwa kukataa inajitwisha mzigo. Katika kila sehemu 36 za nguvu, 32 zinakwenda kwa nguzo za nyuma. Hiyo ni kama asilimia 89.

Kipindi nacho kimebadilika. Kwenye tambarare jumla ya ukakamavu ilikuwa 8, sasa ni 36, yaani mara nne na nusu. Kipindi kinashuka kutoka sekunde 0.4 hadi karibu 0.19. Kwenye ardhi ngumu huo bado ni mwendo ambao ardhi husukuma kwa nguvu sana, kwa hiyo tunabaki na tani 15. Nguzo nne za nyuma zinapata zaidi ya tani 13, kila moja tani 3.3. Zile nne za mbele, tulizokuwa tukiziogopea, zinagawana chini ya tani 2, kila moja isifikishe hata nusu tani.

Jambo la kuangalia zaidi ni namna nguzo fupi inavyovunjika. Nguzo ndefu hupinda kabla ya kuvunjika. Nondo zake zinanyooka, nyufa zinafunguka, na jengo linaonya. Nguzo fupi haina nafasi ya kupinda. Hukatwa, kama mua unavyokatwa kwa panga, kwa ufa unaopita mshazari kutoka kona hadi kona. Na kwa kuwa tetemeko linakwenda na kurudi, ufa wa pili hupita mshazari wa upande wa pili, alama ya X ikabaki kwenye zege. Baada ya hapo zege la katikati linabomoka na nguzo haiwezi tena kubeba hata uzito wake wa kila siku.

Kuna njia nyingine ya kutengeneza nguzo fupi bila kujua, na hii haihitaji mlima. Ukumbi umesimama vizuri juu ya nguzo sawa za mita 3. Miaka miwili baadaye kamati inaamua kuziba sehemu ya chini ili kupata stoo. Ukuta wa tofali unapanda kati ya nguzo hadi mita 2, na juu unaachwa wazi kwa ajili ya hewa na mwanga. Ukuta umeibana nguzo. Sehemu iliyo huru imebaki mita moja tu. Theluthi ya urefu ina maana ukakamavu mara 27. Wala hakuna aliyegusa zege! Nimeona stoo za namna hiyo sehemu nyingi, na sijawahi kukutana na kamati iliyodhani kwamba ukuta wa tofali unaweza kuihatarisha nguzo.

Je, tufanye nini kwenye mteremko? Njia ya kwanza ni kuzipa nguzo zote urefu huru ulio sawa. Za nyuma zinachimbiwa chini zaidi, na pembeni yake panaachwa nafasi wazi ili udongo usizibane. Udongo wa mlimani unashikiliwa na ukuta wake wa pekee, ambao haugusani na jengo. Njia hii ina kazi ya kuchimba, na katika miteremko ya Uluguru, ambako maporomoko ya udongo wakati wa masika si habari ngeni, mfereji wa kutoa maji nyuma ya ukuta huo ni wa lazima. Njia ya pili ni kukubali kwamba jengo litakuwa kakamavu, kisha kujenga kuta nzima za zege lenye nondo, kutoka msingi hadi sakafu, upande wa bonde na upande wa mlima, ili kuta ndizo zibebe tani 15 na nguzo zibaki na kazi ya kusimama. Kuta hizo ziwekwe kwa uwiano. Ukiziweka nyuma tu umerudia kosa lile lile kwa gharama kubwa zaidi.

Pale ambapo nguzo fupi haiepukiki, ringi ndizo za kuangaliwa. Ringi ni zile nondo nyembamba zinazozizunguka nondo za wima. Katika nguzo ndefu mafundi wengi huziweka kila sentimita 20 au hata 25. Katika nguzo fupi ziwe za milimita 8, kila sentimita 10, kwa urefu wote wa nguzo, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege zisije zikafunguka. Gharama ya nyongeza hiyo ni ndogo ikilinganishwa na sakafu inayobebwa. Tatizo ni kwamba zege likishamwagwa hakuna awezaye kuziona. Mjumbe wa kamati aende na futi ya kupimia kabla ya siku ya kumwaga zege, azihesabu, na apige picha ya kuweka kwenye jalada. Wafadhili hupenda picha za uzinduzi, lakini hii ina faida kubwa zaidi.

Tumesema mara kadhaa "ardhi ngumu", na ni vizuri kueleza kwa nini. Ardhi yenyewe ina kipindi chake. Mwamba ulio karibu hutikisika haraka. Udongo laini na mzito uliokusanywa na mito bondeni hutikisika polepole na kuongeza mtikisiko unaotoka chini. Mfano unaojulikana sana ni Jiji la Meksiko, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lilianzia pwani, umbali wa zaidi ya kilomita 300, lakini sehemu ya jiji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo lilibembea kwa kipindi cha kama sekunde 2. Ni ile timazi yetu ya uzi wa mita moja. Majengo yaliyoharibika zaidi hayakuwa yale mafupi wala yale marefu kabisa. Yalikuwa ya ghorofa kati ya 6 na 15, ambayo vipindi vyake vilikaribiana na cha tope.

Kwa ukumbi wetu somo ni la kiasi kidogo zaidi, lakini ni lile lile. Tuseme kamati inataka chini pawe na dari ya juu zaidi, nguzo zote ziwe mita 4 badala ya 3. Zitapinda sentimita 9 na nusu badala ya 4, na kipindi kitapanda hadi sekunde 0.6. Juu ya mwamba hilo si baya: jengo limeondoka kwenye mwendo mkali wa ardhi, na nguvu inaweza kushuka kutoka tani 15 hadi karibu 10, ingawa sakafu itasogea sentimita moja na nusu. Bondeni, juu ya udongo laini, jengo lile lile limesogea kuelekea mwendo wa ardhi badala ya kuukimbia. Nguvu inabaki tani 15 au zaidi, nguzo ni ndefu na zinapindwa zaidi, na sakafu inasogea sentimita 2 na nusu au kupita. Ramani moja, viwanja viwili, matokeo mawili. Ndiyo maana kununua ramani iliyokwisha kutumika parokia nyingine ni akiba ya mashaka. Na kwa taarifa tu, kupunguza unene wa nguzo kutoka sentimita 25 hadi 20 kunafanya karibu kile kile kinachofanywa na kuzirefusha hadi mita 4, isipokuwa nguzo nyembamba ina nguvu ndogo zaidi ya kuvumilia.

Sasa lazima niseme mipaka ya picha hii ya donge juu ya springi, isije ikaaminiwa kupita kiasi. Inajua mwendo wa upande mmoja tu. Ukumbi wa mteremkoni ukisukumwa sambamba na mlima badala ya kuelekea bondeni, safu kakamavu iko nyuma na safu laini iko mbele. Nyuma inabaki, mbele inafagia, na jengo zima linajisokota. Donge moja haliwezi kuonyesha hilo. Ukiongeza ghorofa ya pili juu, kuna madonge mawili yanayoweza kwenda pande tofauti, na hesabu ya mfukoni inaishia hapo.

Mpaka mwingine unaonekana Kagera. Mchana wa Jumamosi, 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukoba na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika, na Shule ya Sekondari Ihungo iliharibika kiasi cha kujengwa upya. Nyingi kati ya nyumba zilizoanguka hazikuwa na nguzo za zege. Zilikuwa za tofali za udongo au za kuchoma, bila nondo na bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta juu. Katika jengo la namna hiyo uzito haukai mahali pamoja juu. Uko ndani ya kuta zenyewe, na kila ukuta huyumba peke yake hadi uanguke nje kama mlango usio na bawaba. Pembetatu ya tofali chini ya paa huwa ya kwanza kuanguka. Kwa kanisa la zamani la tofali, basi, usianze na kipindi. Anza kuuliza kama kuta zimefungwa pamoja.

Msomaji wa Morogoro anaweza kusema kwamba huko ni Kagera, na sisi hatuko kwenye ziwa. Ni kweli kwamba Rukwa, Tanganyika na Kagera hutikisika zaidi. Lakini Milima ya Uluguru yenyewe iliinuliwa kwa mipasuko ya ardhi iliyo kandokando yake, na jioni ya 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam liliwatoa watu majumbani. Sehemu moja ya kumi ya mvutano wa dunia, tuliyoitumia hapo juu, ni makadirio ya mfano. Mhandisi wenu atumie namba inayokubalika kwa eneo lenu.

Kwa jengo lililokwisha kusimama, kipindi kinaweza kupimwa. Simu nyingi za sasa zina kihisio cha mwendo ndani yake. Ilaze simu juu ya sakafu ya zege karibu na katikati, ielekezwe upande unaotaka kupima, na watu watatu au wanne waegemee ukuta wa juu na kuusukuma kwa mdundo, kisha waache kwa pamoja. Mchoro utaonyesha mawimbi yanayofifia. Hesabu mawimbi kwa sekunde. Msishangae mkipata sekunde 0.28 au chini yake pale ambapo hesabu ilisema 0.4. Katika mtikisiko mdogo zege halijafungua nyufa zake na linakuwa na ukakamavu kama mara mbili, na kuta za tofali nazo zinasaidia. Pimeni tena baada ya miaka kadhaa, au baada ya mtikisiko wowote uliosikika. Kipindi kikiwa kimeongezeka waziwazi na hakuna uzito uliowekwa juu, kuna mahali ukakamavu umepotea. Chukueni tochi, mteremke nyuma ya jengo upande wa mlima, mkafute vumbi kwenye zile nguzo fupi na kutafuta ufa wa mshazari.